Pale Maneno ya Mwanafunzi Yanapoishia

Tarehe 5 Februari 2013, baraza la kitivo katika Chuo Kikuu cha Düsseldorf, Ujerumani, lilipiga kura juu ya tasnifu iliyokuwa imekaa maktabani kwa zaidi ya miaka 30. Kura 12 zilikubali, 2 zilikataa, na mjumbe mmoja hakuegemea upande wowote. Annette Schavan akavuliwa shahada ya uzamivu aliyoipata mwaka 1980. Siku hiyo alikuwa bado waziri wa elimu na utafiti wa Ujerumani nzima. Siku nne baadaye alijiuzulu.

Wajerumani walikuwa wameshaona kisa kinachofanana na hicho miaka miwili nyuma. Mwezi Februari 2011 iligundulika kwamba Karl-Theodor zu Guttenberg, waziri wa ulinzi, alikuwa amejaza tasnifu yake ya sheria vifungu vya watu wengine. Hata utangulizi wake ulifunguliwa kwa maneno yaliyotoka katika makala ya gazeti ya mwaka 1997, bila jina la aliyeyaandika kutajwa. Kisa cha Guttenberg hakikuhitaji mtaalamu kukielewa. Mtu aliweka gazeti upande mmoja na tasnifu upande wa pili, akasoma, akaona maneno ni yale yale.

Kisa cha Schavan kilikuwa kigumu zaidi, na ndiyo maana kinawafaa wanafunzi kuliko kile cha Guttenberg. Tasnifu yake ilihusu dhamiri ya mwanadamu, na ilieleza yale ambayo wanafikra mbalimbali wamesema juu yake. Vitabu vingi alivyovitumia alivitaja katika orodha ya marejeleo. Sehemu nyingi zilizolalamikiwa hazikuwa kurasa nzima zilizonakiliwa, bali sentensi zilizobadilishwa hapa na pale. Lawama ilikuwa hivi: mwandishi aliandika kana kwamba amewasoma wanafikra wale mwenyewe na kuwafupisha kwa akili yake, kumbe katika sehemu kadhaa alifuata muhtasari ulioandikwa na mtu mwingine, karibu sentensi kwa sentensi, bila kumwonyesha mtu huyo mahali pale alipomtumia. Schavan alikana kwamba alikusudia kudanganya. Alikwenda mahakamani, na Machi 2014 mahakama ya Düsseldorf ikaukubali uamuzi wa chuo.

Kwa hiyo mtu anaweza kubadilisha maneno, akaorodhesha vitabu mwishoni mwa kazi, na bado akahesabiwa kuwa amechukua cha mwenzake. Wanafunzi wengi wa Afrika Mashariki hushangaa wakiambiwa hivyo. Wamefundishwa tangu shule kwamba kosa ni kudesa, yaani kuandika neno kwa neno kutoka kwenye desa au daftari la jirani, na kwamba dawa yake ni kuandika kwa maneno yako mwenyewe. Wanachokosa kuambiwa ni maana ya kuandika kwa maneno yako.

Wizi wa maandishi, kama vyuo vinavyouelewa, ni kuwasilisha maneno, mawazo au mpangilio wa hoja wa mtu mwingine kana kwamba ni wako. Katika maana hiyo mna mambo matatu, nayo huchukuliwa kwa njia tofauti. Maneno huibwa kwa kunakili. Wazo huibwa kwa kulieleza bila kumtaja aliyelifikia kwanza. Mpangilio wa hoja huibwa kwa kufuata nyayo za mwenzako hatua kwa hatua, ukibadilisha viatu tu njiani. Mwanafunzi anayelinda maneno peke yake huwa ameacha milango miwili wazi.

Kufafanua ni kazi nyingine kabisa. Ni kuchukua alichosema mwandishi, kukielewa mpaka mwisho, kisha kukieleza upya kwa sentensi zilizozaliwa kichwani mwako, ukimwambia msomaji wazi kwamba wazo lenyewe ni la fulani. Kunukuu ni jambo la tatu: maneno ya mwenyewe yanawekwa kama yalivyo, ndani ya alama za mtajo, na chanzo na ukurasa vikitajwa. Kunukuu na kufafanua vyote vinadai jina la mwenye wazo. Tofauti yao iko katika maneno tu, kwamba katika kunukuu maneno ni yake na katika kufafanua maneno ni yako.

Hayo yote ni rahisi kuyasema. Ugumu unaonekana karatasi inapokuwa mezani, kwa hiyo yafaa kuchukua kifungu kimoja na kukifuatilia. Kifungu hiki kimetungwa kwa ajili ya makala haya, ingawa matukio yake ni ya kweli. Tuseme kimo katika ukurasa wa 48 wa kitabu cha historia, na mwenye kitabu tumwite Mwandishi.

"Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja katika muda wa saa chache. Pemba, iliyokuwa kando ya njia ya kimbunga hicho, ilinusurika, na kwa sababu mkarafuu huchukua miaka kadhaa kabla ya kuanza kuzaa, wenye mashamba wa Unguja hawakuweza kurudi sokoni kwa haraka. Ndipo uongozi wa zao hilo ulipohamia Pemba, na haukurudi tena."

Mwanafunzi wa kwanza anakiandika kifungu hiki kizima katika insha yake, kama kilivyo, na mwisho wa aya anaweka mabano: Mwandishi, uk. 48. Anaamini yuko salama kwa sababu chanzo amekitaja. Hayuko salama. Mabano peke yake yanamwambia msomaji kwamba wazo ni la Mwandishi, lakini kwa kuwa hakuna alama za mtajo, msomaji anaelewa kwamba sentensi ni za mwanafunzi. Mwalimu anampa alama za uandishi mzuri kwa sentensi ambazo hakuziunda. Kosa hili hutokea mara nyingi, na wanaolifanya huwa hawana nia mbaya. Linaondoka kwa kuongeza alama mbili tu, ya kufungua na ya kufunga.

Mwanafunzi wa pili ameambiwa aandike kwa maneno yake. Anafungua kamusi, anaweka kitabu mbele yake, anaandika:

"Tufani ya mwezi wa nne mwaka 1872 ilibwaga idadi kubwa ya mikarafuu ya Unguja kwa saa chache tu. Kisiwa cha Pemba, ambacho hakikuwa katika mkondo wa tufani hiyo, kilisalimika, na kwa kuwa mkarafuu huhitaji miaka kadhaa kabla ya kutoa mazao, wamiliki wa mashamba wa Unguja hawakumudu kurejea sokoni upesi. Hapo ndipo ukuu wa zao hilo ulipohamia Pemba, na haukurejea tena."

Amefanya kazi, hilo halina ubishi. Kimbunga kimekuwa tufani, kuangusha kumekuwa kubwaga, kunusurika kumekuwa kusalimika, kurudi kumekuwa kurejea. Hata hivyo ukiweka vifungu viwili sambamba utaona mifupa ni ile ile. Sentensi ni tatu huku na tatu kule. Kila moja inaanza pale ilipoanzia ya Mwandishi na kuishia pale ilipoishia. Maelezo ya Pemba yamechomekwa katikati ya sentensi ya pili, mahali pale pale. Sababu ya mkarafuu kuchelewa kuzaa imekuja katika nafasi ile ile, na hata lile "ndipo" la mwisho limebaki. Mwanafunzi hakuamua chochote. Mwandishi ndiye aliyeamua nini kianze, nini kifuate na nini kisisitizwe.

Kuna dalili nyingine ndogo ambayo mwalimu mwenye jicho huiona haraka. Mwandishi alisema "sehemu kubwa" ya mikarafuu, yaani aliilinganisha na yote iliyokuwapo. Mwanafunzi ameandika "idadi kubwa". Miti elfu tano ni idadi kubwa, lakini ikiwa imeanguka katika kisiwa chenye miti laki nyingi, si sehemu kubwa. Neno limebadilishwa kwa kuwa lilionekana kufanana na la mwanzo, na maana imepotea bila aliyelibadilisha kujua. Anayebadilisha neno mojamoja huwa anaangalia neno, haangalii jambo. Ndiyo sababu kazi za namna hii mara nyingi huwa na Kiswahili kinachokwaruza: wamiliki "hawakumudu kurejea", ukuu wa zao "ulihamia". Hakuna Mpemba wala Mwunguja anayezungumza hivyo.

Mwalimu wa uandishi wa Marekani, Rebecca Moore Howard, alianza kuchunguza uandishi wa aina hii katika miaka ya 1990, na akaupa jina ambalo kwa Kiswahili tunaweza kusema ni uandishi wa viraka. Hoja yake ilikuwa kwamba wanafunzi wengi wanaofanya hivi si wezi. Ni watu waliopewa maandishi magumu kuliko uwezo wao wa wakati ule, na wanashikilia sentensi za mwenye kitabu kwa sababu bado hawajazielewa vya kutosha kuziachia. Kwa maoni yake, hiyo ni hatua ya kujifunza, na mwalimu afundishe badala ya kuadhibu.

Hoja hiyo ina uzito mkubwa katika nchi zetu. Mwanafunzi wa Tanzania husoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili, kisha akifika kidato cha kwanza masomo karibu yote yanageuka kuwa ya Kiingereza. Anasoma kitabu cha baiolojia katika lugha ambayo bado anaitafuta, na anatakiwa aeleze kwa maneno yake wakati maneno yake katika lugha hiyo ni machache. Akishika sentensi ya kitabu na kugeuza maneno mawili, amefanya linalowezekana. Kumwita mwizi ni kumkosea. Lakini hoja hiyo ina mpaka. Mtu anayewasilisha tasnifu ya uzamili anatia saini ukurasa wa ikirari, akithibitisha kwamba kazi ni yake mwenyewe. Aliyetia saini hiyo hawezi tena kusema kwamba bado anajifunza kutofautisha maneno yake na ya wengine.

Mwanafunzi wa tatu anasoma kifungu kile mara mbili au tatu, kisha anafunga kitabu. Katika daftari anaandika maneno machache tu: 1872, Unguja imepigwa, Pemba imepona, mche unachelewa, soko. Anakaa kidogo na kujiuliza Mwandishi anataka kuthibitisha nini. Halafu anaandika:

"Mwandishi (uk. 48) anaona kwamba Pemba ilitangulia katika karafuu kwa sababu mambo mawili yalikutana: kimbunga cha 1872 kuipiga Unguja na kuiacha Pemba, na mche wa mkarafuu kutompa mkulima kitu mpaka miaka ipite. Maelezo haya yanatosha kwa miaka ya mwanzo baada ya kimbunga. Lakini miche iliyopandwa upya Unguja ingekuwa imeanza kuzaa kabla ya karne ile kwisha. Kwa nini basi Unguja haikuirudisha nafasi yake?"

Hapa kuna mengi ya kutazama. Sentensi ya kwanza ni ufafanuzi halisi. Mwandishi alisimulia kwa mpangilio wa matukio, kimbunga kwanza na Pemba mwisho, ilhali mwanafunzi ameanza na matokeo na kuzikusanya sababu mbili nyuma yake. Hakulazimika kutafuta visawe. Kimbunga kimebaki kimbunga na mkarafuu umebaki mkarafuu, kwa sababu hayo ni majina ya vitu, na jina la kitu halina mwenyewe. Wanafunzi hupoteza muda mwingi wakitafuta neno jingine la "mkarafuu" au "bunge" au "shinikizo la damu". Istilahi hazihitaji kubadilishwa, na zikibadilishwa zinapotosha.

Kisha, jina la Mwandishi limekuja mwanzoni mwa sentensi, si mwishoni mwa aya. Faida yake ni kubwa. Msomaji anajua tangu neno la kwanza kwamba anasikia wazo la mtu mwingine, na akifika "Maelezo haya yanatosha" anajua kwamba mwanafunzi sasa anapima. Kuanzia hapo, hasa pale penye "Lakini", sauti ni ya mwanafunzi peke yake. Mpaka umeonekana. Mabano yanayowekwa mwishoni mwa aya ndefu hayana uwezo huo, kwa sababu hayasemi kama yanahusu sentensi ya mwisho, tatu za mwisho au aya nzima, na msomaji mwenye shaka atachukulia vibaya.

Na kuna swali la mwisho, ambalo halimo katika kifungu. Lisingeweza kumjia mwanafunzi wa pili, kwa sababu akili yake yote ilikuwa katika kutafuta neno la kuchukua nafasi ya "kunusurika". Anayefunga kitabu analazimika kulishika jambo lenyewe, na akilishika anaona pale lilipopungua.

Ufafanuzi nao una hatari yake, kinyume na ile ya viraka. Tuseme mwanafunzi wa nne, akijiamini, anaandika: "Mwandishi (uk. 48) anasema Pemba ilitangulia kwa sababu ya kimbunga na rutuba ya ardhi yake." Rutuba haimo katika kifungu. Huenda ni kweli, huenda mwanafunzi aliisikia darasani, lakini amemwekea Mwandishi maneno mdomoni. Kwa sababu hiyo, baada ya kuandika huku kitabu kimefungwa, kitabu hufunguliwa tena, na vitu viwili hukaguliwa. Kwanza, je, yaliyosemwa ni yake kweli? Pili, je, kuna mfuatano wa maneno wa kwake uliojipenyeza bila kukusudiwa? Kumbukumbu huhifadhi misemo mizuri. Ikiwa "haukurudi tena" au "kando ya njia ya kimbunga" imejirudia yenyewe, ama inabadilishwa ama inawekewa alama za mtajo.

Swali linaloulizwa sana ni lipi halihitaji chanzo. Kwamba kimbunga kilipiga Zanzibar mwaka 1872 ni jambo lililomo katika kila kitabu cha historia ya visiwa hivyo, na halina mwenyewe. Kwamba Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961 ni hivyo hivyo. Lakini kwamba kimbunga kile ndicho kilichohamisha uongozi wa karafuu ni maelezo ya sababu, na maelezo ya sababu hutolewa na mtu aliyeyatafakari, na mwingine anaweza kuyapinga. Penye uwezekano wa kubishana, jina linahitajika. Takwimu nazo zinahitaji jina, kwa kuwa mtu fulani alihesabu kwa njia fulani.

Mlango wa lugha nao husahaulika, na kwa anayeandika Kiswahili ndio mkubwa kuliko yote. Mwanafunzi wa isimu au wa fasihi huko Dar es Salaam au Nairobi husoma vitabu vingi vya Kiingereza na kuandika tasnifu kwa Kiswahili. Akitafsiri ukurasa mzima, hakuna neno hata moja litakalofanana na la asili. Kila neno amelichagua yeye, na jasho limemtoka kweli. Je, si maneno yake?

Jibu lilitolewa Budapest. Pál Schmitt, aliyepata kuwa bingwa wa Olimpiki katika mchezo wa vitara, alikuwa rais wa Hungari pale gazeti moja la nchi hiyo lilipoitilia shaka tasnifu yake ya mwaka 1992 kuhusu michezo ya Olimpiki, Januari 2012. Kamati ya Chuo Kikuu cha Semmelweis ilikuta kwamba kurasa 180 kati ya zaidi ya 200 zilifanana, kwa kiasi fulani, na kazi ya mtafiti wa Bulgaria, Nikolai Georgiev, iliyoandikwa kwa Kifaransa, na kwamba kurasa nyingine 17 zililingana na kazi ya mtaalamu wa Kijerumani. Kwa Kihungari, sentensi zile zilikuwa mpya. Mwisho wa Machi chuo kikamvua shahada, na tarehe 2 Aprili 2012 akajiuzulu urais.

Tafsiri hubadilisha lugha na kuacha kila kitu kingine mahali pake: wazo, mfuatano, mifano, hata kiini cha sentensi. Ni kazi ya heshima ikiitwa tafsiri. Anayetaka kutumia aya ya Kiingereza katika kazi ya Kiswahili ana njia mbili halali. Anaweza kuitafsiri na kuiweka kama nukuu, akieleza katika mabano au tanbihi kwamba tafsiri ni yake. Au anaweza kufanya kama mwanafunzi wa tatu, afunge kitabu na aeleze alichoelewa, huku akimtaja mwenyewe. Kutafsiri na kunyamaza si njia ya tatu.

Kisa cha Schavan kinagusa mlango mwingine wa aina hiyo. Mwanafunzi anasoma katika kitabu cha Mwandishi kwamba mtaalamu fulani wa zamani alisema hivi na hivi. Anampenda mtaalamu yule, anamtaja moja kwa moja katika tasnifu, na Mwandishi anatoweka. Ameonyesha usomaji ambao hakuufanya. Wasomaji waliopita madrasa watalielewa jambo hili bila kuelezwa sana, maana katika elimu ya hadithi isnadi hutaja kila msimulizi, na anayeruka mmoja katikati ameidhoofisha riwaya nzima. Katika uandishi wa kitaaluma desturi ni kusema fulani kama alivyonukuliwa na Mwandishi. Maneno hayo manne yanamlinda mwanafunzi hata pale Mwandishi alipokosea, kwa sababu kosa litabaki la Mwandishi.

Shule zetu kwa kweli huanza kufundisha sehemu ya ujuzi huu mapema. Katika mtihani wa Kiswahili wa kidato cha nne, Kenya na Tanzania, mtahiniwa hukutana na swali la ufupisho. Anapewa kifungu, anaambiwa akifupishe kwa idadi fulani ya maneno bila kupoteza maana. Ni zoezi zuri la kushika jambo na kuacha maneno. Ila halidai chanzo, kwa kuwa kifungu kiko mbele ya msahihishaji na wote wanajua kimetoka wapi. Mwanafunzi anaingia chuoni akiwa na nusu ya ujuzi, nusu ya kufupisha, na hakuna aliyemwambia kuna nusu nyingine. Na darasani, katika historia au jiografia, mara nyingi jibu linalopewa alama zote ni lile linalofanana na maelezo ya mwalimu ubaoni. Miaka mingi anasifiwa kwa kukariri sawasawa, halafu mwaka mmoja anaitwa mbele ya kamati kwa jambo lile lile. Vyuo vina wajibu wa kueleza kanuni hii wiki ya kwanza, kwa mifano ya sentensi, badala ya kumpa mwanafunzi kijitabu cha adhabu.

Vyuo vingi siku hizi hutegemea programu za kompyuta, na inayojulikana zaidi ni Turnitin. Wanafunzi huiogopa bila kuielewa. Programu hiyo hulinganisha mifuatano ya maneno ya kazi na maandishi yaliyomo katika hazina yake, kisha hutoa asilimia ya mfanano. Haisemi nani ameiba. Tasnifu ya fasihi inayonukuu mashairi mengi, kila shairi likiwa na alama za mtajo na jina la mtunzi, inaweza kupata asilimia kubwa na ikawa safi kabisa. Kazi iliyotafsiriwa kimyakimya kutoka Kiingereza inaweza kupata asilimia ndogo sana na ikawa imeibwa yote. Vitabu vya Kiswahili vilivyochapwa miaka ya 1970 na havijawahi kuingizwa mtandaoni haviwezi kulinganishwa na chochote. Mwanafunzi anayehangaika kubadilisha maneno ili asilimia ishuke anafanya kile kile cha mwanafunzi wa pili, na anakuwa ameisaidia mashine kumpita mkosaji.

Msimamizi mzoefu ana njia zake. Anaona aya tatu za Kiswahili cha kusitasita, kisha ya nne inatiririka kama ya mhariri wa miaka 20. Anakuta "kama tulivyoona katika sura iliyotangulia" wakati sura iliyotangulia haikuona kitu hicho. Anakuta "hivi karibuni serikali imeamua", na uamuzi wenyewe ni wa miaka 15 iliyopita. Anakuta jina la mtafiti limeandikwa kwa kosa la herufi moja, na anakumbuka kosa hilo hilo katika kitabu anachokifahamu. Akiwa na shaka, humwita mwanafunzi na kumwomba aeleze aya kwa mdomo. Aliyefafanua kweli hueleza, tena mara nyingi kwa ufasaha kuliko alivyoandika. Aliyebadilisha maneno hukwama kwenye sababu: anajua Pemba ilinusurika, hajui hilo lina uhusiano gani na umri wa mche.

Wengi wanaokwama hivyo hawakuanza na nia ya kuiba. Walianza na daftari. Wakati wa kukusanya data walinakili sentensi nzuri kutoka kitabuni bila alama za mtajo wala ukurasa, wakiamini watakumbuka. Miezi sita baadaye sentensi hizo zimechanganyika na zao, kwa mwandiko ule ule au katika faili lile lile, na hakuna anayeweza kuzitenganisha. Baadhi ya watafiti hukata shauri mapema: chochote kilichonakiliwa neno kwa neno huandikwa kwa rangi nyingine, na ukurasa huandikwa kabla ya sentensi yenyewe. Wanaosoma vitabu vya maktaba na kuvirudisha huongeza jina la mchapishaji na mwaka hapo hapo, kwa sababu kitabu kikisharudi rafuni huenda mwingine akawa amekiazima siku ya kuandika marejeleo.